Mhasibu anasema 0.6, mdogo wangu wa benki anasema 1.8

*Shikamoo mwalimu. Kuna kampuni ya mabati huku Mwanza inaongeza wanahisa, na shemeji yangu ananisukuma niweke akiba yangu ya kustaafu. Nimepewa mizania ya Desemba. Kwa mabilioni ya shilingi: mali 140, mtaji wa wanahisa 50, madeni yote 90. Ndani ya hayo 90 kuna mikopo ya benki 30 (riba asilimia 15), wasambazaji wa koili 36, malipo ya awali ya wateja 6, madeni ya pango 5, mkopo wa mkurugenzi 8, kodi na mengineyo 5. Faida kabla ya riba na kodi 12, riba ya mwaka 7.5. Mhasibu wao anasema uwiano wa deni kwa mtaji ni 0.6. Mdogo wangu aliye benki anasema ni 1.8. Nani anadanganya, na hicho kiwango kinaniambia nini?*

Marahaba dada. Hakuna anayedanganya. Mdogo wako amechukua madeni yote 90 akagawa kwa 50. Mhasibu amechukua mikopo ya benki peke yake, 30 kwa 50. Wote wanaita jibu lao uwiano wa deni kwa mtaji, na wote wanaweza kukuonyesha kitabu cha chuo kinachowaunga mkono. Ndiyo maana mtu akinitajia uwiano huu, swali langu la kwanza ni "umehesabu nini kama deni?" Asipoweza kujibu, namba yake naiacha mezani.

Tuanze na kile kinachopimwa. Kiwanda kile kina mali za bilioni 140: mashine, koili za chuma zilizo bohari, magari, fedha ambazo wateja hawajalipa. Mali hizo zimenunuliwa kwa fedha za watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wanahisa, ambao hawajaahidiwa tarehe wala kiasi, hula kinachobaki. Wa pili ni wadai, ambao wameahidiwa kiasi na tarehe, na wakikosa wanaweza kwenda mahakamani. Uwiano unasema kwa kila shilingi moja iliyowekwa na wenye kampuni, wadai wameweka shilingi ngapi. Kwa hesabu ya mdogo wako, shilingi moja na senti themanini. Maana yake ni kwamba mali zikiuzwa kwa hasara, bilioni 50 za mwanzo zinaungua mfukoni mwa wanahisa, na wewe ukiwemo, kabla mdai hajapoteza hata senti. Afisa mikopo anaupenda uwiano huu kwa sababu hiyo: unamwonyesha unene wa godoro lililo chini yake. Wewe unaombwa kuwa sehemu ya godoro.

Sasa, kipi kati ya 0.6 na 1.8? Inategemea unauliza nini. Ukiuliza "kampuni ikifilisika leo, nani yuko kwenye foleni mbele yangu?", hesabu ya mdogo wako ndiyo sahihi, kwa kuwa msambazaji wa koili na mamlaka ya mapato wote wako mbele yako. Ukiuliza "ni kiasi gani cha mtaji kimekodiwa kwa riba?", hesabu ya mhasibu iko karibu zaidi, ila ameacha vitu viwili. Madeni ya pango ya bilioni 5 yana riba ndani yake. Tangu Januari 2019, kanuni za kimataifa za uhasibu zinataka pango la muda mrefu, kama la bohari au malori, liingie kwenye mizania kama deni, na benki nyingi huliongeza kwenye mikopo. Hapo unapata 35 kwa 50, yaani 0.7.

Kitu cha pili ni mkopo wa mkurugenzi, bilioni 8, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kwenye kampuni zetu za kifamilia ndipo uwiano unapogeuzwa utakavyo. Mwenye kampuni akiwa na fedha anaweza kuiingiza kama hisa au kama mkopo. Akiingiza kama mkopo anaweza kuitoa siku yoyote bila kutangaza gawio, na riba yake inapunguza kodi. Serikali inaujua mchezo huo. Tanzania, kampuni ambayo robo au zaidi inamilikiwa na wasio wakazi hairuhusiwi kuondoa kwenye hesabu ya kodi riba ya deni linalozidi uwiano wa 7 kwa 3. Benki nayo inaujua kwa namna yake. Nilipokuwa kwenye dawati la mikopo, tulimtaka mkurugenzi asaini hati kwamba hatalipwa mkopo wake mpaka sisi tumalize kulipwa. Akisaini, tuliuhamisha mkopo wake upande wa mtaji. Kwa kiwanda chako ingekuwa deni 35 kwa mtaji 58, na jibu, cha ajabu, ni 0.6 tena. Asiposaini, zile bilioni 8 ni deni tena deni baya, maana anayedai ndiye anayeshika kitabu cha hundi. Hesabu inakuwa 43 kwa 50, karibu 0.86. Kwa hiyo karatasi ya kwanza ya kumwomba mhasibu ni mkataba wa mkopo huo. Nimeona kampuni moja ya mikoa ya kaskazini ikileta wanahisa wapya, na ndani ya miezi mitatu fedha zao zote zikawa zimeenda kumlipa mwenye kampuni mkopo wake. Hakuna sheria iliyovunjwa. Uwiano ulipendeza kweli, na mashine mpya waliyoahidiwa haikununuliwa.

Tuje kwenye swali lako la pili, uwiano unakuambia nini. Watu husema uwiano mkubwa ni mbaya, mdogo ni mzuri. Si hivyo. Chukua bilioni 80 zilizowekezwa kwenye kiwanda hicho, 50 za wanahisa na 30 za benki kwa riba ya asilimia 15, yaani bilioni 4.5 kwa mwaka. Weka pembeni kampuni nyingine inayofanana nayo kwa kila kitu, ila bilioni 80 zote ni za wanahisa. Tuache kodi kando.

Mwaka kiwanda kikipata bilioni 12 kabla ya riba, wasio na deni wanapata 12 juu ya 80, asilimia 15. Wenye deni wanalipa riba 4.5, wanabaki na 7.5 juu ya 50, ambayo nayo ni asilimia 15. Sare. Mwaka mzuri, faida ikifika 18, wasio na deni wanapata asilimia 22.5 na wenye deni asilimia 27. Mwaka mbaya, faida ikianguka hadi 3, wasio na deni bado wana faida ndogo ya karibu asilimia 4, na wenye deni wameingia kwenye hasara ya bilioni 1.5.

Angalia pale palipotokea sare. Si bahati. 12 juu ya 80 ni asilimia 15, sawasawa na riba ya benki. Mradi mali zinazalisha zaidi ya riba, kila shilingi ya mkopo inamwongezea mwanahisa. Zikizalisha chini ya riba, kila shilingi inamla. Kwa hiyo uwiano unakuambia kishindo kitakuwa kikubwa kiasi gani, haukuambii kitaelekea juu au chini. Hilo la pili linatokana na pengo kati ya kile kiwanda kinachozalisha na kile benki inachotoza. Ndiyo sababu kampuni ya Ulaya inayokopa kwa asilimia 4 inaweza kubeba uwiano wa 1.5 ikalala usingizi, na kampuni ya Mwanza inayokopa kwa 15 ikawa na 0.7 na bado mwenyewe akakesha. Wanaonukuu "chini ya 1 ni salama" kutoka vitabu vya nje wananiudhi kidogo, samahani.

Sasa rudi kwenye karatasi uliyotumiwa, kuna jambo limejificha. Mkopo 30 kwa asilimia 15 unapaswa kuzaa riba ya 4.5. Wao wameandika 7.5. Toa riba ya pango, tuseme 0.75, inabaki 6.75. Ili upate riba ya 6.75 kwa asilimia 15, mkopo wa wastani mwaka mzima ulipaswa kuwa bilioni 45. Mbona Desemba ni 30?

Sijui undani wao, na huenda mkurugenzi naye analipwa riba kwenye zile 8; akilipwa kwa kiwango hichohicho, hiyo inaeleza bilioni 1.2 tu. Kama si hivyo, basi nadhani ni mchezo wa tarehe. Mizania ni picha ya siku moja, tarehe 31. Kampuni yenye ovadrafti, yaani ruhusa ya benki ya kuchota zaidi ya salio lake, inaweza kukusanya fedha za wateja wiki ya mwisho ya Desemba, ikachelewesha wasambazaji, ikapunguza ovadrafti, picha ikapigwa, kisha tarehe 3 Januari ikaichota yote tena. Niliwahi kukaa na taarifa za akaunti za mteja mmoja wa namna hiyo, miezi 12 kwenye karatasi moja, na mstari wa deni ulikuwa kama ukuta wenye shimo moja, Desemba. Huhitaji kuwa benki kuligundua. Gawa riba ya mwaka kwa kiwango cha riba, linganisha na mkopo ulioandikwa. Zikipishana sana, uliza. Kwa wastani wa 45, uwiano wa mikopo ya benki peke yake ni 0.9, siyo 0.6.

Na hao wasambazaji waliocheleweshwa ndio walionifanya nisiutupe uwiano wa mdogo wako. Bilioni 36 za koili ni fedha nyingi. Uliza kwa mwaka wananunua koili za kiasi gani. Wakinunua za 144, basi 36 ni miezi mitatu ya manunuzi, jambo la kawaida kwenye biashara ya bidhaa za kuagiza. Wakinunua za 72, ni miezi sita, na hapo msambazaji amegeuzwa kuwa benki bila kuulizwa. Deni hilo halina riba kwenye vitabu, hivyo haligusi namba ya mhasibu hata kidogo, lakini siku msambazaji akikataa kupakia kontena, mashine zinasimama. Wasomaji wa Kenya wanaukumbuka mtandao wa maduka ya Nakumatt. Rafu zilianza kukauka kwa sababu waliokuwa wakileta bidhaa hawakulipwa, na Januari 2018 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Mwenye kuangalia mikopo ya benki peke yake angeona sehemu tu ya deni.

Kuna upande mwingine wa uwiano huu ambao wengi husahau, nao ni ule wa chini, mtaji. Uwiano unaweza kupanda bila kampuni kukopa hata shilingi. Wakipata hasara ya bilioni 15 kwa miaka miwili, mtaji unashuka kutoka 50 hadi 35, na 0.6 inakuwa 0.86 huku mkopo ukiwa palepale. Unaweza pia kushuka bila kulipa chochote: anaitwa mthamini, kiwanja kilichonunuliwa zamani kinapandishwa thamani kwa bilioni 20, mtaji unakuwa 70 na uwiano unakuwa 0.43. Hakuna fedha iliyoingia. Kwenye taarifa ya mabadiliko ya mtaji tafuta mstari wa akiba ya ukadiriaji upya. Mimi huutoa kwanza, ndipo nakokotoa.

Mtaji ukiendelea kuliwa, uwiano unavunjika kabisa, na mfano ulio karibu nasi ni Kenya Airways. Shirika lilinunua ndege kubwa kwa mikopo ya dola, Boeing 787 zikianza kufika mwaka 2014, wakati abiria wa utalii wamepungua. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 lilitangaza hasara ya karibu shilingi bilioni 26 za Kenya, na hasara hiyo ikaula mtaji wote ukapita sifuri. Mwaka uliofuata, hasara nyingine ya kiasi kama hicho. Mtaji ukiwa hasi, uwiano nao unakuwa hasi, na namba hasi haina maana ya kawaida. Jambo la kuchekesha ni kwamba ukichuja kampuni kwenye kompyuta kwa sharti la "uwiano chini ya 1", kampuni yenye -5 inapita kama mtoto mwema.

Kilichofuata kinaonyesha vizuri kuliko somo lolote nani hasa anamiliki kampuni deni linapozidi. Novemba 2017 wadai waligeuza madeni kuwa hisa. Serikali ya Kenya ilipanda kutoka asilimia 29.8 hadi 48.9, benki za nchini zikapata asilimia 38.1 kupitia kampuni yao ya pamoja, na shirika la ndege la Uholanzi, KLM, lililokuwa na 26.7 likabaki na 7.8. Mwananchi aliyekuwa na hisa zake alibaki na kipande chembamba mno. Mtaji ukaongezeka, deni likapungua, na kilichouzwa ni sehemu ya mwanahisa wa zamani.

Na haikuishia hapo, maana madeni mengi yalibaki ya dola. Mwaka 2023 shirika lilipata faida ya uendeshaji ya bilioni 10.5, lakini likamaliza na hasara ya bilioni 22.7, kwa sehemu kubwa kwa kuwa shilingi ya Kenya ilianguka na deni likavimba lenyewe kwenye vitabu. Mwaka 2024 shilingi ilipoimarika, faida ya bilioni 5.4 ikapatikana. (Usidhani mtaji hasi daima ni kufilisika. McDonald's ya Marekani ina mtaji hasi kwa miaka kadhaa kwa sababu imekopa na kununua hisa zake yenyewe kutoka sokoni, na inalipa madeni yake bila shida. Alama ileile ya kutoa, hadithi tofauti kabisa.)

Kwa benki na kampuni za bima usiutumie uwiano huu kabisa. Amana za wateja ni deni kwenye mizania, hivyo benki nzuri itaonekana na uwiano wa 6 au 7 na hakuna tatizo. Zina kipimo chao cha utoshelevu wa mtaji.

Basi kwa kiwanda chako, mimi ningefanya hivi. Ningechukua mikopo kwa wastani wa mwaka, 45, niongeze pango 5, na mkopo wa mkurugenzi 8 mpaka nione hati yake. Hiyo ni 58 juu ya mtaji 50, kidogo zaidi ya 1.1. Kisha ningeangalia kama wanamudu: faida 12 kwa riba 7.5 ni mara 1.6. Faida ikipungua kwa zaidi ya theluthi moja tu, riba imeimaliza. Benki nyingi hupenda kuona mara 2 au zaidi, na mikataba mingi ya mikopo huiandika kama sharti, ambalo likivunjwa benki inaweza kudai mkopo wote mara moja. Nikiwa mimi, nisingeweka akiba ya kustaafu hapo kwa bei wanayotaka, mpaka nipate majibu ya mambo machache.

Mwombe mhasibu ukurasa wa maelezo ya mikopo, ule ulioambatishwa nyuma ya mizania. Humo mikopo imegawanywa kwa tarehe: ipi inaiva ndani ya miezi 12 na ipi baadaye. Imegawanywa pia kwa sarafu. Koili hununuliwa kwa dola na mabati huuzwa kwa shilingi, kwa hiyo nitashangaa kama hakuna deni la dola humo. Kama bilioni 12 kati ya zile 30 ni za dola na shilingi ikashuka kwa kiasi cha kufanya dola iwe ghali kwa asilimia 15, deni linaongezeka kwa bilioni 1.8, na hasara hiyohiyo inatoka kwenye mtaji. Juu inapanda na chini inashuka kwa mpigo mmoja.

Mwombe na orodha ya wasambazaji kwa umri wa deni, siku 30, 60, 90, zaidi. Mwisho uliza fedha za wanahisa wapya zimepangiwa nini, kwa maandishi. Akisema "kupunguza madeni", uliza deni la nani.